Uuguzi wa nyumbani baada ya mtoto kuondolewa tonsili

Uuguzi wa nyumbani baada ya mtoto kuondolewa tonsili ni matunzo ambayo mzazi au mlezi humpa mtoto katika wiki mbili zinazofuata upasuaji wa kuondoa tonsili (ziitwazo pia mafindo). Tonsili ni vinyama viwili vilivyo nyuma ya mdomo, kimoja kila upande wa koo. Madaktari wa masikio, pua na koo huziondoa hasa kwa sababu mbili: mtoto kuugua mafindofindo mara nyingi, au tonsili kuwa kubwa kiasi cha kuziba njia ya hewa mtoto anapolala.

Upasuaji huu ni tofauti na desturi ya kukata kimeo, ambayo bado ipo katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Tonsili ziko pembeni, nazo huondolewa hospitalini mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa ya nusukaputi.

Watoto wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kupona hutokea mbele ya mzazi. Kazi yake ni tatu: kutoa dawa ya maumivu kwa saa, kuhakikisha mtoto anakunywa, na kutambua mapema damu inayotoka kooni.

## Jinsi kidonda kinavyopona

Jeraha la tonsili halishonwi. Huachwa wazi, na katika siku ya kwanza au ya pili hufunikwa na utando mweupe au wa manjano. Mzazi anayechungulia koo anaweza kudhani kuwa ni usaha, lakini utando huo ni sawa na kigaga cha kidonda cha ngozi, ila umelowa mate. Haufai kukwanguliwa wala kupanguswa kwa pamba. Mdomo hunuka kwa siku kadhaa kwa sababu yake, na hiyo peke yake si dalili ya ugonjwa. Mtoto aendelee kupigwa mswaki taratibu.

Kati ya siku ya 5 na ya 10 utando huo hubanduka vipande vipande. Hapo mishipa midogo ya damu iliyo chini yake inaweza kufunguka. Ndiyo sababu kipindi hicho kinahitaji uangalifu mkubwa, ingawa mtoto huonekana amepata nafuu na familia huanza kulegeza masharti.

Maumivu nayo hayapungui kwa mfululizo. Mara nyingi hubaki makali kwa siku 3 hadi 5 za mwanzo, na yanaweza kurudi kwa nguvu utando unapobanduka. Watoto wengi husema pia kwamba sikio linauma, hata kama sikio ni zima. Sababu ni kwamba neva ileile inayopeleka hisia za koo ina tawi linalofika sikioni, hivyo ubongo huyasikia maumivu ya koo kama ya sikio.

## Dawa ya maumivu kwa saa

Kosa la kawaida ni kungoja mtoto alie ndipo apewe dawa. Mtoto mwenye maumivu hakubali kumeza, na asipomeza koo hukauka, maumivu huzidi, na dawa yenyewe hukataliwa. Kwa hiyo katika siku za mwanzo dawa hutolewa kwa saa zilizopangwa, hata mtoto akionekana mtulivu, na usiku huamshwa ili anywe.

Dawa mbili zinazotumika zaidi ni parasetamoli na ibuprofeni. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, na maagizo ya daktari aliyempasua ndiyo ya kufuatwa. Kwa kawaida parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, bila kuzidi mara 4 kwa siku. Ibuprofeni hutolewa hadi miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8, baada ya mtoto kula au kunywa kitu. Baadhi ya madaktari huizuia, kwa mfano kwa mtoto mwenye pumu inayochochewa na dawa hiyo, ugonjwa wa figo, tatizo la damu kuganda, au aliyeishiwa maji mwilini.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 6 mwenye kilo 20, ambaye daktari ameruhusu dawa zote mbili:

* Parasetamoli: 15 × 20 = miligramu 300 kila mara. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kipimo ni mililita 12.5. Ikiwa imeandikwa miligramu 250 katika mililita 5, kipimo ni mililita 6 tu.
* Ibuprofeni: 10 × 20 = miligramu 200 kila mara. Kwa chupa ya miligramu 100 katika mililita 5, hiyo ni mililita 10.
* Saa za parasetamoli: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku.
* Saa za ibuprofeni: saa 2 asubuhi, saa 10 jioni na saa 6 usiku.

Mfano huu unaonyesha kwa nini maandishi ya chupa lazima yasomwe kila inaponunuliwa mpya. Mzazi aliyezoea mililita 12.5 za chupa ya kwanza akiendelea hivyo na chupa ya pili, atampa mtoto zaidi ya maradufu ya kipimo, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo dawa ipimwe kwa kikombe cha chupa au kwa bomba lisilo na sindano. Kila dozi iandikwe kwenye karatasi pamoja na saa yake, hasa pale ambapo baba, mama na bibi wanasaidiana kumuuguza.

Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo zisichanganywe na ratiba hii. Diklofenaki ni ya jamii moja na ibuprofeni, nazo hazitolewi pamoja. Aspirini haifai, kwa sababu hufanya damu isigande vizuri na kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa hatari wa ini na ubongo. Kodeini pia haipewi watoto baada ya upasuaji huu. Mwili hugeuza kodeini kuwa mofini, na watu wengine kwa kuzaliwa huigeuza haraka kupita kiasi. Watoto wa namna hiyo wamewahi kuacha kupumua na kufa usingizini, ndiyo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali dhidi yake. Tabia hiyo ya mwili imeonekana kwa wingi zaidi nchini Ethiopia kuliko Ulaya ya Kaskazini.

Watoto wengi huhitaji dawa kwa siku 7 hadi 10. Hupunguzwa kidogo kidogo mtoto anapokula bila shida.

## Kunywa na kula

Katika siku za mwanzo kunywa ni muhimu kuliko kula. Mtoto anaweza kula kidogo kwa siku kadhaa bila madhara makubwa, lakini akikosa maji kwa siku moja hudhoofika. Mtoto wa kilo 20 huhitaji takriban lita 1.5 za vinywaji kwa siku. Akipewa mililita 60, yaani vijiko 4 vya chakula, kila nusu saa kwa saa 12, atakuwa amekunywa karibu kiasi hicho. Muda mzuri wa kumlisha ni nusu saa hivi baada ya dawa.

Vyakula vinavyomezeka kwa urahisi ni uji mwepesi, mtori uliopoa, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, papai, maziwa, mtindi, mayai laini, wali bokoboko, na ugali laini kwa mlenda. Aiskrimu hutuliza koo, lakini si lazima. Mtoto anayeweza kula zaidi ya hapo asizuiwe bila sababu, kwa kuwa kutafuna na kumeza hulegeza misuli ya koo.

Kwa siku 10 hadi 14 ni vizuri kuepuka vitu vigumu na vyenye ncha, kama krispi, bisi, kashata, karanga na mkate mkavu. Vitu vya moto sana, pilipili, ndimu na machungwa huchoma kidonda. Vinywaji vyekundu kama juisi ya choya au ya bitiruti viachwe pia, maana mtoto akitapika itakuwa vigumu kujua kama ni juisi au damu.

Mtoto asiyekojoa kwa saa 8 mchana, mwenye midomo mikavu, anayelia bila machozi au aliyelegea apelekwe hospitalini apewe maji ya mshipa. Mwenye selimundu apelekwe mapema zaidi, kwa sababu upungufu wa maji unaweza kuanzisha maumivu makali ya ugonjwa huo.

## Dalili za kutoka damu

Wastani wa mtoto mmoja hadi watano kati ya kila 100 hutokwa damu baada ya upasuaji. Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, au baadaye, hasa siku ya 5 hadi ya 10. Mate yenye michirizi hafifu ya damu siku ya kwanza ni ya kawaida. Zifuatazo si za kawaida:

* damu nyekundu mbichi au mabonge ya damu mdomoni au puani;
* kutapika damu, au matapishi ya kahawia iliyokoza kama masimbi ya kahawa;
* kumeza mara kwa mara bila kunywa kitu, hasa usingizini.

Dalili ya mwisho ndiyo hupita bila kuonekana. Mtoto aliyelala humeza damu inayochuruzika, mto hubaki mkavu, na wazazi hushtuka anapotapika alfajiri. Kwa hiyo mlezi alale karibu naye, na akisikia anameza meza amwamshe na kuangalia mdomo wake kwa tochi.

Mtoto anayetoka damu akalishwe ameinama mbele, ateme kwenye beseni, na asilazwe chali. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi tena. Kidole au pamba visiingizwe kooni. Apelekwe mara moja katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati wala duka la dawa. Aende hata kama damu imekwisha kukoma, kwa kuwa damu kidogo mara nyingine hutangulia nyingi kwa saa chache. Beseni lenye damu au picha yake humsaidia daktari kukadiria kiasi.

Kwa sababu hiyo familia inayoishi mbali hushauriwa kukaa karibu na hospitali kwa wiki mbili, au kupanga mapema gari la kutumia usiku. Katika muda huo mtoto haendi shule wala safari ndefu, na hachezi michezo ya kukimbia.

## Dalili nyingine za kurudi hospitalini

Joto la mwili kupanda kidogo siku mbili za mwanzo ni jambo la kawaida. Likizidi nyuzi 38.5 au likidumu, mtoto aonwe na daktari, na mahali penye malaria apimwe malaria pia, kwa kuwa si kila homa baada ya upasuaji inatoka kooni. Mtoto anayepumua kwa shida, mwenye midomo ya buluu, au ambaye ni vigumu kumwamsha apelekwe bila kuchelewa.