Hisa ni Nini, na Kwa Nini Bei Yake Hupanda na Kushuka

Tuanze somo la leo pale Mwembesongo, mjini Morogoro. Tuseme majirani kumi wamechanga fedha sawasawa wakanunua mashine ya kusaga unga. Kila mmoja ana fungu moja katika kumi. Hana jiwe lake wala mkanda wake. Ana haki ya kupata fungu la faida, na haki ya kusema katika mkutano wa wenye mashine. Fungu hilo ndilo hisa. Wala hakuikopesha mashine fedha, kwa hiyo hawezi kwenda kuidai. Akitaka fedha zake, hana budi amtafute mtu wa kununua fungu lake.

Sasa jirani mmoja anataka kuuza, na siku hiyo hiyo watu wanasema kwamba mashine ya pili itafunguliwa mtaa wa pili. Jiwe halijapasuka, unga unatoka kama jana. Hata hivyo mnunuzi atatoa bei ndogo, maana yeye hanunui faida ya jana, ananunua ya mwaka ujao.

Tutazame jambo lililotokea kweli. Mwaka 2008 Serikali ya Tanzania iliuza hisa 105,000,000 za Benki ya NMB, kila moja Sh. 600/-. Hisa zote za benki hiyo ni 500,000,000. Mtu aliyenunua hisa 100 alitoa Sh. 60,000/-, akawa na fungu moja katika mafungu 5,000,000. Angalieni vema: fedha hizo zilikwenda kwa Serikali iliyouza, si kwa benki. Vivyo hivyo leo, ukinunua katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, unamlipa yule anayeuza.

Kwa mwaka 2020 benki ilitoa gawio la Sh. 137/- kwa kila hisa, kabla ya kodi, na bei ya hisa ilikuwa Sh. 2,340/-. Faida ikazidi kukua, na kwa mwaka 2023 gawio likawa Sh. 361/-. Je, mwenye hisa angekubali kuiuza tena kwa Sh. 2,340/-? Hata! Wanunuzi walilazimika kupandisha, na mwaka 2024 bei ikapita Sh. 5,000/-. Kama faida ingepungua, wauzaji ndio wangeshusha.

Lakini bei isiposogea msidhani kwamba biashara imetulia. Ile Sh. 2,340/- ilikaa pale pale kwa muda mrefu, kwa kuwa waliouza na kununua walikuwa wachache. Bei inayotangazwa ni ile waliyopatana watu wa mwisho. Ukienda kwa dalali wa hisa na zako 100, kwanza mwulize kama leo yuko mnunuzi, na anataka ngapi.