Wizi wa maandishi katika tasnifu

Wizi wa maandishi (pia: wizi wa kitaaluma) ni kitendo cha kutumia maneno, mawazo au matokeo ya utafiti wa mtu mwingine kana kwamba ni ya mtumiaji mwenyewe. Namna mojawapo ni kuchukua makala ya mtu mwingine, kubadilisha maneno machache na kuiwasilisha chuoni kama tasnifu.

## Tamko la mwanafunzi

Tasnifu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kampasi yake ya Mlimani iko jirani na Mwenge, huwa na ukurasa wa tamko na hakimiliki katika kurasa za mwanzo. Katika tamko mwanafunzi anathibitisha kwa sahihi kwamba kazi ni yake mwenyewe, na kwamba haijawasilishwa wala haitawasilishwa katika chuo kingine kwa ajili ya shahada. Sehemu ya hakimiliki hutaja Mkataba wa Berne na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999.

Mambo hayo mawili ni tofauti. Hakimiliki inamlinda mwandishi, naye anaweza kumruhusu mtu kutumia makala yake. Tamko linahusu shahada: watahini wanataka kujua mwanafunzi mwenyewe ameuliza nini, amekusanya data gani na amefikia hitimisho gani. Kwa hiyo hata mwandishi akitoa ruhusa, na hata jina lake likitajwa katika marejeleo, makala yake haiwezi kuwa tasnifu ya mtu mwingine. Tamko litakuwa la uongo.

## Kueleza kwa maneno ya mwenyewe

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu wachongaji wa vinyago wa Mwenge, na katika makala ya mwandishi X ya mwaka 2015, ukurasa wa 42, anakuta maneno haya:

> Wachongaji wengi wa Mwenge hawachagui umbo kwanza. Hulitazama gogo la mpingo, na mkunjo wa gogo huamua kama litakuwa kinyago cha ujamaa au sanamu ya mtu mmoja.

Anaandika:

> Wasanii wengi wa Mwenge hawateui sura kwanza. Huliangalia gogo la mpingo, na mpindo wa gogo huamua kama litakuwa kinyago cha ujamaa au sanamu ya mtu mmoja.

Huu ni wizi. Maneno matano tu yamebadilishwa. Mpangilio wa sentensi ni uleule. Kuongeza "(X, 2015)" mwishoni hakutoshi, kwa sababu msomaji ataamini kuwa wazo ni la X lakini maneno ni ya mwanafunzi.

Njia sahihi ni kusoma aya mpaka ieleweke, kufunga makala, kuandika maana yake bila kuitazama, kisha kulinganisha na maandishi ya awali:

> X (2015, uk. 42) aliona kwamba uamuzi wa mchongaji wa Mwenge huanzia kwenye mti: umbile la gogo ndilo linaloelekeza aina ya kinyago. Wachongaji watano waliohojiwa kwa tasnifu hii, hata hivyo, walitaja kwanza oda ya mteja.

Hapa msomaji anaona wazi wazo la X linaishia wapi na utafiti wa mwanafunzi unaanzia wapi.

Pale ambapo maneno yenyewe ni muhimu, kwa mfano fasili, hunukuliwa yalivyo ndani ya alama za kunukuu pamoja na ukurasa. Alama hizo zinafaa kuwekwa tangu kwenye daftari la kumbukumbu. Asiyefanya hivyo, baada ya miezi kadhaa hawezi kutofautisha maneno aliyonakili na yale aliyoandika mwenyewe. Wazo la mtu wa tatu lililosomwa ndani ya makala ya X huandikwa "kama alivyonukuliwa na X", si kana kwamba kitabu cha asili kimesomwa.

## Kugunduliwa

Programu kama Turnitin hulinganisha maandishi na hazina ya kazi nyingine na kutoa asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo si hukumu: orodha ya marejeleo na nukuu halali huweza kuipandisha, na wizi uliotafsiriwa kutoka lugha nyingine huweza kuipita. Wasimamizi huangalia pia mtindo unaobadilika ghafla, au data ambazo mwanafunzi hawezi kueleza alizipataje.

Kutafsiri hakuifanyi kazi kuwa mpya. Pál Schmitt, rais wa Hungaria, alinyang'anywa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Semmelweis mwaka 2012, baada ya kubainika kwamba sehemu kubwa ya tasnifu yake ya mwaka 1992 ilitafsiriwa kutoka kazi ya Mbulgaria Nikolay Georgiev. Siku chache baadaye alijiuzulu urais. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu apewe shahada hiyo.