Umenunua nyumba, muuzaji kang'oa pampu na makabati: Kipi ni chako kisheria?

Umelipa, umesaini, umekabidhiwa funguo. Unafungua mlango unakuta jikoni kumebaki ukuta mtupu wenye matundu ya skrubu, pangaboi hakuna, na kisima hakina pampu. Ukimpigia muuzaji anakujibu, "Mimi nilikuuzia nyumba, sikukuuzia vyombo."

Je, yuko sahihi? Kwa baadhi ya vitu ndiyo, kwa vingine hapana. Hivi ndivyo sheria ya Tanzania inavyovitenganisha.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza kuwa ardhi ni pamoja na vitu vinavyoota juu yake kwa asili, majengo na miundo mingine iliyoshikizwa kwenye ardhi kwa kudumu. Kwa hiyo anayeuza kiwanja chenye nyumba anauza pia vile vilivyoshikamana nacho, hata kama mkataba haukuvitaja kimoja kimoja.

Sheria hiyo haitoi orodha ya kusema sinki limo na feni haimo. Hapo mahakama zinarudi kwenye kanuni za kawaida za Uingereza, ambazo Tanzania ilizirithi kwa zile zilizokuwapo hadi Julai 22, 1920, pale ambapo sheria zetu zilizoandikwa hazijasema vinginevyo.

Maswali mawili ya kujiuliza

Kesi inayotajwa sana ni ya Holland dhidi ya Hodgson, ya mwaka 1872. Ilihusu mashine za kufuma vitambaa zilizopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda. Mwenye kiwanda alikuwa amekiweka rehani, na alipofilisika ukazuka ugomvi: mashine zinakwenda na jengo au zinauzwa peke yake? Mahakama ikasema ni sehemu ya jengo, ingawa misumari ile ingeweza kung'olewa bila shida kubwa.

Kutokana na kesi hiyo tunauliza maswali mawili. La kwanza, kitu kimeshikizwa kwa kiasi gani? La pili, kilishikizwa kwa lengo gani: kuiboresha nyumba yenyewe moja kwa moja, au ili kitu hicho kitumike vizuri kwa muda?

Jaji alitoa mfano ambao hata fundi wa mtaani ataukubali. Mawe yakipangwa kuwa ukuta wa uzio ni sehemu ya ardhi, hata kama hayana saruji katikati. Mawe yale yale yakirundikwa uani yakisubiri kuuzwa, ni mali inayohamishika. Uzito ni ule ule, kilichobadilika ni lengo.

Kuna na mwanzo wa kuanzia. Kitu kilichoshikizwa kinahesabiwa kuwa cha nyumba, na anayekataa ndiye athibitishe. Kilichosimama kwa uzito wake tu kinahesabiwa kuwa cha kuhama, na anayedai ni cha nyumba ndiye athibitishe.

Tuchukue mfano

Tuseme nyumba ya Kimara imeuzwa Sh95 milioni. Mkataba umetaja kiwanja na nyumba tu. Siku ya kukabidhiwa, mnunuzi anakuta vitu hivi havipo.

Makabati ya jikoni. Yalijengwa kwa vipimo vya ukuta ule, yakafungwa kwa skrubu, juu yake sinki na marumaru. Yalilenga kulifanya jiko kuwa jiko. Ni ya mnunuzi. Kabati la vyombo lililosimama tu pembeni ni la muuzaji.

Pampu ya kisima. Imezamishwa kisimani na kuunganishwa na mabomba ya nyumba nzima. Bila hiyo kisima ni shimo tu. Mnunuzi ana hoja nzito.

Simtanki. Hapa pagumu kidogo. Mnara wa zege au chuma uliosimikwa ni wa nyumba bila ubishi. Tanki lenyewe limekaa kwa uzito wake, hivyo muuzaji atadai ni lake. Mnunuzi ataonyesha kwamba limeungwa na mabomba na ndilo linalopeleka maji bafuni na jikoni, yaani ni sehemu ya mfumo wa maji. Tanki tupu lililolala uani halina hoja hiyo.

Pangaboi na viyoyozi. Vimefungwa, lakini vinafunguka kwa dakika chache bila kuharibu dari wala ukuta, na watu wengi huhama navyo. Hapa jaji anaweza kwenda upande wowote. Usinunue nyumba ukitegemea kushinda hoja hii.

Jenereta, friji, mapazia, dishi la king'amuzi. Ni vya muuzaji. Jenereta kuwekwa juu ya zege ili isitikisike hakuifanyi iwe ya nyumba.

Mita ya Luku. Hiyo si ya muuzaji wala ya mnunuzi, ni ya TANESCO. Muuzaji hana ruhusa ya kuing'oa.

Milango, madirisha, grili, geti, masinki ya choo, soketi, swichi, miembe na minazi vinabaki. Mimea ya kwenye vyungu inaondoka na mwenyewe.

Mtego wa mpangaji

Kuna kitu wanunuzi wengi hawakiulizi: nani alikifunga? Mpangaji anaruhusiwa kuondoka na vitu alivyofunga kwa ajili ya biashara yake au mapambo, kama rafu za duka au kaunta, mradi avitoe bila kuharibu jengo na kabla muda wake wa kupanga haujaisha. Ukinunua nyumba yenye fremu za maduka, usihesabu rafu hizo kuwa zako. Ongea na mpangaji mwenyewe, si dalali.

Wakati una maana kuliko maneno

Kinachoangaliwa ni hali ya nyumba siku mkataba ulipofungwa. Muuzaji akivunja makabati wiki moja kabla, na wewe ukaona kabla ya kusaini, umenunua nyumba isiyo na makabati. Akivunja baada ya kusaini, amevunja mkataba, na unaweza kudai virudishwe au ulipwe thamani yake.

Upande wa pili, muuzaji anayetaka kuondoka na kitu kilichoshikamana lazima akitaje kabla. Akikaa kimya, kinabaki.

Mahakama haitatekeleza mkataba wa kuuza ardhi usio na ushahidi wa maandishi. Ile kauli ya dalali kwamba "inauzwa na kila kitu ndani" itakuwa ngumu kuithibitisha isipoandikwa.

Fanya hivi kabla ya kusaini

Pita chumba kwa chumba na muuzaji, piga picha kila kitu kilichofungwa, pamoja na kisima na mnara wa tanki. Kisha mwambie wakili aambatanishe orodha mbili kwenye mkataba: vinavyobaki na vinavyoondoka. Vile vya utata, kama simtanki, pangaboi na viyoyozi, vitaje kwa idadi na mahali vilipo.

Kifungu chenyewe kinaweza kuwa kifupi: "Vitu vilivyoorodheshwa katika Kiambatisho A vimo ndani ya bei na vitakabidhiwa vikiwa katika hali ile ile vilivyokuwa siku ya kusaini mkataba huu."

Mwisho, usimalize fedha zote siku ya kusaini. Kwa nyumba yetu ya Sh95 milioni, mnaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba Sh5 milioni zitalipwa siku ya funguo, baada ya kuikagua nyumba kwa orodha mkononi. Pampu ikikosekana siku hiyo, unayo namna ya kuidai bila kuanza safari ya mahakamani.