Dinari Mia za Malik bin Aus

Kila mwaka nifikapo kwenye mada ya historia ya fedha, huulizwa swali moja na wanafunzi: kwa nini sheria ya Kiislamu ya kale iliruhusu ngano inunuliwe kwa deni, lakini ikakataza dhahabu ibadilishwe kwa fedha kwa kuchelewa hata saa moja? Wengi hudhani ni amri ya ibada tu, isiyo na hesabu ndani yake. Mimi huwajibu kwa kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik.

Malik bin Aus alikuwa Madina na dinari 100 za dhahabu, akitafuta wa kumpa dirhamu za fedha. Talha bin Ubaidullah, swahaba mkubwa na mtu tajiri, alimwita. Wakapatana bei. Talha akaichukua dhahabu, akawa anaigeuza mkononi, kisha akamwambia asubiri mpaka mweka hazina wake arejee kutoka Ghaba, nje ya mji. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akisikiliza. Akaapa kwamba Malik asiachane na Talha mpaka apokee chake, akataja agizo la Mtume kwamba dhahabu kwa fedha ni riba isipokuwa mkono kwa mkono.

Zingatia kile ambacho Umar hakukigusa. Hakuuliza bei. Dhahabu kwa fedha ni jinsi mbili, na watu waweza kupatana kiasi chochote. Sharti la uzani sawa lahusu dhahabu kwa dhahabu, au fedha kwa fedha. Alichokizuia ni muda.

Tuseme, kwa mfano, walipatana dirhamu 10 kwa kila dinari, yaani 1,000 kwa jumla. Mweka hazina akikawia, na sokoni dinari ikapanda hadi dirhamu 12, Malik amepoteza 200 ilhali dhahabu yake iko mkononi mwa mwingine. Ikishuka hadi 8, aliyepoteza ni Talha, naye atashawishika kuchelewa au kuukana mkataba. Kwa hiyo ahadi ile haikuwa tena mabadilishano; ilikuwa mkopo ambao mmoja wao hakujua kuwa anautoa. Ngano hununuliwa iliwe, lakini dinari na dirhamu ndizo vipimo vya bei. Ukiruhusu vipimo viuzwe kwa kungojana, umeruhusu kubahatisha bei ya kila kitu. Tena aliyezuiwa hapa si mlanguzi wa sokoni, bali mmoja wa watu wenye heshima kubwa Madina. Hilo ndilo ninalolipenda katika kisa hiki.

Sharti la uzani nalo lina sababu yake. Kabla Khalifa Abdulmalik hajatoa sarafu za Kiislamu mwaka 77 Hijria, waliokuwa wakitumia pesa walishika dinari za Rumi na dirhamu za Uajemi. Nyingine zilikuwa zimechakaa, nyingine zimekatwa kingo. Kuhesabu vipande kulimnufaisha mjanja. Mizani ilimlinda asiyejua. Fadhala bin Ubaid alinunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12 huko Khaibar. Alipovitenganisha akakuta dhahabu peke yake yazidi dinari 12. Mtume akaagiza kidani kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Wanaodhani hatari ya kungojana ni ya kale watazame Ujerumani, tarehe 26 Juni 1974. Siku hiyo Benki ya Herstatt ilifungwa na wasimamizi. Wenzake wa biashara walikwisha kulipa marki Frankfurt, wakisubiri dola kutoka New York, ambako saa zilikuwa nyuma. Dola hazikuja. Mweka hazina, tuseme, hakurejea kutoka Ghaba. Mfumo wa kimataifa wa malipo ya pande mbili kwa pamoja, uitwao CLS, ulianza kazi mwaka 2002.

Noti zetu hazina uzani wa dhahabu, lakini hazikuachwa nje ya hukumu hii. Chuo cha kimataifa cha fikihi, kilichokutana Amman mwaka 1986, kiliamua kwamba pesa za karatasi zina hukumu za dhahabu na fedha. Kwa hiyo shilingi kwa dola hupatanwa kwa bei yoyote, papo kwa papo. Lakini anayekupa noti ndogo za shilingi 9,500 kwa noti yako ya 10,000 amevunja sharti la usawa.

Ugumu uko benki. Mwaka 1990 chuo hicho kilikubali kwamba kuandikiwa kiasi kwenye akaunti ni kupokea, na kikavumilia ucheleweshaji wa kawaida ya masoko. Lakini kiliweka kizuizi: aliyeandikiwa asiitumie pesa hiyo mpaka uwezekano wa kuipokea kweli uthibitike. Ninaposoma mikataba ya kubadilisha fedha za kigeni, kizuizi hicho ndicho ninachokitafuta kwanza, na ni nadra kukikuta.