Dharura, Onyo, Taarifa

Wanaolinda mitambo ya kompyuta hulalamikia "uchovu wa tahadhari". Neno uchovu halinitoshi. Mchovu hupumzika akarudi na nguvu zake, lakini aliyezoea kengele, hata alale siku nzima, simu ikilia ataizima bila kuisoma. Mimi hali hiyo ningeiita mazoea ya kengele.

Chukua mtoa huduma mdogo wa intaneti pale Kahawa Sukari. Stima ikipotea barabara moja, swichi iliyo kwenye nguzo huzimika, na ruta za wateja 40 hupotea nayo. Mfumo usiopangwa humtumia fundi wa zamu jumbe 41, na ule wa swichi, wenye habari yote, umefunikwa na hizo nyingine. Katika Alertmanager, programu inayotumika pamoja na Prometheus, `group_by: ['eneo']` hukusanya kengele za eneo moja katika ujumbe mmoja, baada ya kungoja sekunde 30 zile zilizochelewa. `inhibit_rules` nayo hunyamazisha kengele za ruta pale swichi yao inapojulikana kuwa imezimika.

Mkusanyo huo una hatari yake. Hitilafu nyingine ikizuka eneo lilelile, huingizwa katika kundi lilelile na kutumwa ndani ya dakika 5, na msomaji hudhani ni habari ya awali. Utaitambua hitilafu hiyo stima ikirudi: ruta zote zimeamka, ila moja imebaki kwenye orodha.

Kwenye madaraja ya kengele ndipo maneno yanapofanya kazi kubwa. "Juu, kati, chini" hupima ukubwa wa hitilafu, wala hayamwambii fundi afanye nini saa nane usiku. Napendelea dharura, yaani amka sasa; onyo, yaani kazi ya asubuhi; na taarifa, ambayo haimlilii mtu, inakaa kwenye dashibodi tu. Diski iliyojaa asilimia 85 na kuongezeka asilimia 1 kwa siku ni onyo. Ikiongezeka asilimia 5 kwa saa, ni dharura, maana itajaa baada ya saa 3.

Saa za utulivu basi zinyamazishe onyo peke yake. Hapa Alertmanager ina mitego miwili. Kipindi hakiwezi kuvuka usiku wa manane, kwa hiyo huandikwa vipande viwili, 22:00 hadi 24:00, kisha 00:00 hadi 06:00. Tena saa zake ni za UTC usipoandika `location: 'Africa/Nairobi'`. Ukisahau, utulivu utaanza saa saba usiku na kuendelea hadi saa tatu asubuhi, wateja wakiwa wameshaanza kupiga simu.

Onyo linaloendelea hadi alfajiri hutumwa utulivu ukiisha. Lililozuka na kupona usiku huohuo halitumwi kamwe, kwa hiyo fundi wa asubuhi huifungua grafu ya usiku kabla ya kushika kazi nyingine.