Bima ikikukata pesa, soma sababu kwanza

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila nafundisha Soin, Kaunti ya Kericho. Mwanangu alipougua malaria nilimtibu kwa pesa taslimu, katika zahanati isiyokuwa kwenye orodha ya bima yetu ya kazini. Nikadai shilingi 6,400, nikarudishiwa 3,900.

Nilikuwa tayari kugombana, hadi niliposoma waraka uliokuja na malipo. Huonyesha kiasi ulichodai, kilichokubaliwa, kilichokatwa na sababu. Shilingi 1,000 zilikuwa mchango wangu wa kila matibabu, kulingana na mkataba. Hizo hazirudi. Shilingi 1,500 za kipimo cha damu zilikatwa kwa kuwa hapakuwa na agizo la daktari. Hapo kilichokosekana ni karatasi tu. Nilirudi zahanati, nikapewa nakala ya agizo yenye muhuri, nikaituma pamoja na nambari ya dai. Baada ya wiki tatu nililipwa.

Kabla ya kutuma risiti, zipige picha. Kampuni ikinyamaza, andika barua ya malalamiko. Isipojibu, ipeleke kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.