Wiki 6, 10 na 14: Historia Iliyo Nyuma ya Kadi ya Kliniki

Fungua kadi ya kliniki ya mtoto, iwe ya Tanzania au ya Kenya, utakuta umri uleule: anapozaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Kina mama wanaijua ratiba hiyo kwa moyo, na muuguzi huandika tarehe ya kurudi kabla mtoto hajamaliza kulia. Kinachoulizwa mara chache ni kwa nini zipite wiki nne kati ya sindano na sindano, na kwa nini mtoto aliyekwisha kuchanjwa surua aitwe tena achanjwe surua. Jibu lake limechukua miongo mingi kupatikana, na sehemu moja muhimu ilipatikana Kenya.

Mwaka 1921 Alexander Glenny, mtafiti wa maabara za Wellcome huko Uingereza, alichapisha pamoja na mwenzake Südmersen matokeo ya kuwachanja wanyama dhidi ya dondakoo. Mnyama aliyedungwa mara ya kwanza alichelewa kutoa kingamwili, na alizotoa zilikuwa chache. Alipodungwa tena baadaye, kingamwili zilipanda upesi na kufika juu zaidi. Mwili ulikuwa umeikumbuka sindano ya kwanza. Ratiba nyingi za chanjo zenye dozi zaidi ya moja zimesimama juu ya jambo hilo.

Leo tunajua kinachoendelea ndani ya mtoto katika zile wiki ambazo kadi haionyeshi kitu. Baada ya sindano ya wiki 6, seli zinazoitambua chanjo hukusanyika kwenye tezi na kuanza kuongezeka. Huko hushindana: zinazoinasa chanjo vizuri zaidi hubaki, nyingine hufa, na baadhi ya zilizobaki hugeuka seli za kumbukumbu zinazoweza kuishi miaka mingi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Dozi ya pili ikiletwa mapema mno itazikuta seli hizo bado hazijakomaa, na nguvu yake itapungua. Ndiyo sababu wiki 4 ni kiwango cha chini kati ya dozi za chanjo ya pentavalenti, ile sindano moja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib.

Kuchelewa ni jambo jingine. Chukua mtoto aliyepata pentavalenti ya kwanza akiwa na wiki 6, kisha mama akasafiri kwenda kuuguza mzazi wake kijijini, akarudi mtoto akiwa na wiki 17. Wazazi wengi huamini kwamba sindano ya kwanza imeshapotea, na wengine huona aibu kurudi kliniki kwa kuogopa kufokewa. Sindano haikupotea. Kumbukumbu ipo, na mtoto haanzi upya: siku hiyohiyo ya wiki 17 atapewa dozi ya pili, na ya tatu atapewa akifika wiki 21. Alichopoteza ni ule muda alioishi bila kinga kamili, na kwa kifaduro muda huo ni hatari kubwa, kwa sababu ugonjwa huo huua zaidi watoto wa miezi michache tu.

Hatari hiyo ndiyo iliyoleta namba 6, 10 na 14. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa chanjo mwaka 1974, nchi zilikuwa na ratiba tofauti tofauti. Uingereza, hata kufikia miaka ya 1980, ilikuwa ikianza chanjo hizi mtoto akiwa na miezi 3, na dozi ya tatu ilisogea karibu na mwaka wake wa kwanza. Kwa mwili, nafasi ndefu namna hiyo ni nzuri, maana kingamwili hupanda zaidi. Lakini kifaduro hakimsubiri mtoto, na safari ikichelewa sana, mama wa mbali na zahanati huenda asirudi. Wataalamu wa shirika hilo wakachagua katika miaka ya 1980 kuanza mapema na kubana nafasi hadi kile kiwango cha chini, wakijua kwamba kinga haitafika juu kama ingewezekana. Uingereza yenyewe ilibana ratiba yake mwaka 1990, ikahamia miezi 2, 3 na 4. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi, ila ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ndiyo inayolipwa na dozi za nyongeza.

Kabla ya hizo, tazama mstari wa miezi 9, kwani una kisa chake. Mama aliyewahi kuugua surua humwachia mwanawe kingamwili kupitia kondo la nyuma. Kingamwili hizo humlinda mtoto miezi ya mwanzo, lakini pia huiua chanjo, ambayo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Chanja mapema, kinga ya mama itaibatilisha. Chanja kwa kuchelewa, surua itakutangulia. Katika miaka ya 1970 Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walipima damu za watoto wa umri mbalimbali ili kujua kinga ya mama huisha lini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1977. Utafiti huo ni miongoni mwa tafiti zilizoipa dunia umri wa miezi 9.

Hata hivyo, miezi 9 ni maelewano. Katika umri huo, takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga. Wale 15 waliosalia wamechomwa sindano, kadi zao zimejazwa, na bado surua inaweza kuwapata. Hakuna dalili ya nje inayowatofautisha na wenzao. Kwa hiyo Kenya iliongeza dozi ya pili ya miezi 18 mwaka 2013, na Tanzania mwaka 2014. Wengi huiita dozi ya kuongeza nguvu, ingawa kazi yake kubwa ni kuwapa nafasi ya pili wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Nyongeza halisi ni ya mtu aliyepata kinga, kisha ikapungua na miaka. Dondakoo ilionyesha hatari hiyo katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti. Miaka ya 1990 watu zaidi ya 150,000 waliugua, wengi wao watu wazima ambao kinga yao ya utotoni ilikuwa imefifia, na maelfu wakafa. Kwa pepopunda na dondakoo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyongeza tatu baada ya zile dozi za uchanga: mwaka wa pili wa maisha, kisha kati ya miaka 4 na 7, kisha kati ya 9 na 15. Zimeachana kwa miaka kwa makusudi, kwa sababu seli za kumbukumbu zilizokomaa huitikia kwa nguvu zaidi. Sindano ya pepopunda anayopewa mjamzito hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na kinga yake humfikia mtoto kabla kitovu hakijakatwa.

Kama una mtoto aliyevuka mwaka mmoja na nusu, itoe kadi yake leo uangalie mstari wa miezi 18. Ukiwa mtupu, mpeleke kliniki na kadi hiyo hata kama tarehe imepita: ataendelea pale alipoishia.